Kitenzi Kinamtii Nani?

Soma sentensi hizi mbili za Kiingereza. Ya kwanza: "The number of complaints is worrying." Ya pili: "A number of complaints are worrying." Kwa jicho tofauti ni ndogo: "the" imekuwa "a", na "is" imekuwa "are". Kwa maana, sentensi hizi zimeachana kabisa.

Mkuu wa kituo cha afya anayeandika ya kwanza anasikitikia wingi. Malalamiko yamezidi mno, hata kama kila moja likitazamwa peke yake ni dogo: foleni ndefu, choo kichafu, mhudumu mwenye maneno makali. Anayeandika ya pili hasemi kwamba malalamiko ni mengi. Anasema kati ya yaliyofika, yapo kadhaa mazito yanayotia wasiwasi. Pengine ni matatu tu, lakini moja linahusu mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake. Bosi anayesoma ripoti ya kwanza ataongeza wafanyakazi dirishani. Anayesoma ya pili ataita kikao siku hiyohiyo. Yote hayo yametokana na herufi chache.

Wengi wetu tulifundishwa jambo hili shuleni kama orodha ya kukariri: "each" umoja, "every" umoja, "a number of" wingi, na kadhalika. Orodha iliyokaririwa hivyo hupotea mara tu mtihani unapokwisha. Haikaririki vizuri kwa sababu imekatwa na shina lake. Shina lenyewe ni swali moja tu: katika sentensi hii, kitenzi kinamtii nani? Na hilo ni swali ambalo msemaji wa Kiswahili hulijibu tangu utotoni, mamia ya mara kwa siku, bila kufundishwa na mtu.

Tuanze na hapo. Kiswahili hakikuruhusu kutamka kitenzi kabla hujajua kiima chake ni cha ngeli gani. Ukisema "mkoba wa wanafunzi", lazima uendelee na "umepotea". Huwezi kusema "wamepotea", ingawa neno lililo karibu zaidi na kitenzi ni "wanafunzi". Mdomo wenyewe unarudi nyuma, unaliruka neno la jirani na kulishika "mkoba". Nomino hiyo ndiyo yenye amri. "Wa wanafunzi" ni maelezo tu ya mkoba ni wa nani.

Kiingereza nacho kina upatanisho wa kisarufi, lakini kimebakiwa na masalia yake tu. Vitenzi vyake vingi huonyesha umoja na wingi mahali pamoja, yaani nafsi ya tatu ya wakati uliopo: "keeps" kwa mmoja, "keep" kwa wengi. Ukiongeza "is" na "are", "was" na "were", "has" na "have", "does" na "do", umekaribia kumaliza. Katika wakati uliopita, "each of them went" na "all of them went" zina kitenzi kilekile. Baada ya "will", "can" au "must" hakuna kinachobadilika. Kwa hiyo uwanja wa makosa ni mdogo kuliko watu wanavyouogopa. Tatizo ni kwamba maneno hayo machache yenye sura mbili ndiyo yanayotumika kuliko yote, na ripoti, barua za maombi ya kazi na kumbukumbu za vikao huandikwa kwa hayo.

Kwa kuwa alama zenyewe ni chache, hata wazawa wa Kiingereza hupotea. Mwaka 1991 Kathryn Bock na Carol Miller, watafiti wa saikolojia ya lugha huko Marekani, walichapisha utafiti ambao bado unatajwa hadi leo. Waliwapa wazungumzaji vianzio vya sentensi vya aina ya "The key to the cabinets" wavimalizie kwa mdomo. Jibu sahihi ni "is", kwa sababu kinachozungumziwa ni ufunguo, nao ni mmoja. Lakini baadhi yao walisema "are", kwani walivutwa na makabati yaliyo karibu na kitenzi. Mtego huo ulinasa zaidi pale nomino yenye amri ilipokuwa ya umoja na ile ya jirani ya wingi, kuliko hali ilipokuwa kinyume chake.

Ndiyo sababu "each of the branches", "neither of the answers" na "the number of members" huwaponza watu. Maneno hayo yote yamejengwa kwa namna hiyohiyo: mwenye amri ni mmoja, ametangulia, naye amefichwa na jirani wa wingi aliyekaa kati yake na kitenzi.

Sasa turudi kwa "number", kwa sababu hapo ndipo penye utajiri. Katika "the number of members", neno "number" ni nomino kamili na ndilo kiima. Tunazungumzia idadi, na idadi ni kitu kimoja hata kama ni ya watu elfu kumi. Ipo njia rahisi ya kupima: jiulize kama unaweza kumalizia sentensi kwa tarakimu. "The number of members is 212." Inakubali, basi kitenzi ni cha umoja. Idadi inaweza kupanda, kushuka, kuwa 212 au kubaki palepale. Wanachama hawawezi kuwa tarakimu.

Katika "a number of members", neno "number" limeacha kazi yake ya nomino. Limekuwa sehemu ya kifungu kinachofanya kazi ya "kadhaa", na amri imehamia kwa "members". Kipimo chake ni kuliondoa fungu lote na kuweka "several" au "many" mahali pake: "Several members have not paid." Ikiwa sentensi inasimama na maana haijaharibika, kitenzi ni cha wingi. Jaribu kufanya hivyo kwa ile ya kwanza: "Several members is 212." Inaanguka papo hapo.

Kivumishi kikiingia katikati hakibadilishi kitu. "A large number of members have", "a growing number of members have", "a surprising number of members have": zote ni za wingi. Vivyo hivyo ukianza kwa "there": tunaandika "There are a number of reasons", kwa sababu zilizopo ni sababu kadhaa. Wengi huandika "There is a number of reasons" kwa kuona ile "a" na kudhani wanachukua tahadhari. Tahadhari hiyo inawapeleka pabaya.

Penye ugumu wa kweli ni pale sentensi moja inapobeba vitenzi viwili. Angalia hii: "The number of members who have not paid is 38." Kwa nini "have" na "is" ndani ya sentensi moja? Kwa sababu kila kitenzi kina bwana wake. Ambao hawajalipa ni wanachama, kwa hiyo "who have". Iliyo 38 ni idadi, kwa hiyo "is". Ukiisema kwa Kiswahili utaona mdomo wako unafanya hivyohivyo bila kusitasita: idadi ya wanachama ambao hawajalipa ni 38, na ukitaka kusema imepungua, utasema idadi ya wanachama ambao hawajalipa imepungua. "Ha-wa-" kwa watu, "i-" kwa idadi. Hukuchanganya, na Kiingereza kinakudai hicho hicho unachokifanya hapa.

Hapa lazima niseme kwamba hata katika Kiswahili "idadi" ina mvutano wake. Soma magazeti yetu au sikiliza taarifa ya habari. Utakuta "idadi kubwa ya wananchi imejitokeza", na kesho yake, pengine katika chombo kilekile, "idadi kubwa ya wananchi wamejitokeza". Mhariri mkali ataikata hii ya pili, akisema kiima ni "idadi". Mimi simlaumu sana mwandishi wake. Waliojitokeza, waliopanga foleni na kupiga kura ni wananchi. Idadi haina miguu. Mwandishi ameisikia "idadi kubwa ya" kama "wengi wa", na amri ikahamia kwa watu. Hivyo ndivyo Kiingereza kilivyofanya kwa "a number of", ila chenyewe kimekwisha kuamua na kuifanya kanuni, ilhali sisi bado tunavutana. Lakini pale "idadi" inapokuwa takwimu hasa, mvutano unapungua sana: idadi ya wananchi imefikia milioni kadhaa. Huko ndiko "the number of" kuliko.

Kwa "every" na "each" msemaji wa Kiswahili amekwisha kubebwa nusu ya njia na neno "kila". Hatusemi "kila watu wanajua"; tunasema "kila mtu anajua", ingawa tunakusudia watu wote. "Every" ni hivyohivyo: "Every member has a passbook." Nomino iko katika umoja na kitenzi kiko katika umoja. Anayeandika "every members" amekisahau Kiswahili chake mwenyewe. Hata ukitaja wawili kwa "na", umoja unabaki: "Every borrower and guarantor is required to sign." Kwa kawaida "na" huleta wingi, lakini "every" huwachukua watu mmoja mmoja, kwanza mkopaji huyu, kisha mdhamini huyu, na kitenzi kinawafuata hivyo.

Tofauti moja ya matumizi inafaa kukumbukwa. "Every" haiwezi kusimama peke yake. Huwezi kuandika "every of the members". Utalazimika kusema "every one of the members", kwa maneno mawili, au utumie "each of the members". Kote huko kitenzi ni cha umoja: "Each of the branches keeps its own books." Mwenye amri ni "each", na "of the branches" ni yule jirani wa wingi anayevuta.

Lakini "each" ina tabia ambayo orodha za kukariri huiruka. Inaweza kuhama, ikakaa baada ya kiima. "The branches each have a safe." Hapa kitenzi ni cha wingi, na aliyekariri kwamba "each ni umoja" atakisahihisha kilicho sahihi na kukiharibu. Kiima sasa ni "the branches". "Each" imekuja nyuma kama kielezo tu cha kwamba kila tawi lina lake. Katika Kiswahili tunasema "wanafunzi walipewa kitabu kila mmoja". Kitenzi ni "walipewa", cha wingi, kwa sababu kiima ni "wanafunzi", na "kila mmoja" imefuata baadaye kuonyesha mgawanyo. Geuza mpangilio, useme "kila mwanafunzi", na papo hapo kitenzi kinageuka: "alipewa kitabu". Nafasi ya neno ndiyo inayoamua nani anaamuru.

Kuhusu "every" kuna jambo la kiwakilishi ambalo halitusumbui sisi lakini limewasumbua Waingereza kwa karne nyingi. Tunaposema "kila mwanafunzi alete kitabu chake", hatuna haja ya kujua kama ni mvulana au msichana. Kiingereza kina "his" na "her", na ukichagua kimoja umewaacha nje wa upande mwingine. Ndipo watu wakaanza kusema "Every student must bring their book", na matumizi hayo ya "they" kwa mtu mmoja yana ushahidi wa maandishi tangu karne ya 14. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake wa uandishi unafuatwa na vyuo vingi, kiliyaidhinisha katika toleo lake la saba, mwaka 2019. Kwa hiyo usishangae kuona "every student has finished their work": kitenzi ni cha umoja, kiwakilishi kina sura ya wingi, na sentensi ni sahihi.

"Either" na "neither" huhusu viwili. "Either of the two roads leads to the market": yoyote kati ya hizo mbili, moja tu ikichaguliwa, inakufikisha sokoni. "Neither of the two answers is correct": si hili wala lile. Katika maandishi rasmi kitenzi ni cha umoja. Katika mazungumzo utasikia "neither of them are" kila siku, hata kwa wasomi wa Kiingereza, na huko mtaani hakuna anayegeuka kushangaa. Katika mtihani na barua ya kazi, andika "is".

Kwetu sisi ugumu wa "neither" uko kwenye ukanushi kuliko kwenye umoja na wingi. Kiswahili husema "majibu yote mawili si sahihi", kwa wingi na kwa kukanusha kwenye "si". Au "hata mmoja wao hajui", ambapo "hata mmoja" yenyewe haikanushi, na "ha-" ya kitenzi ndiyo inayokanusha. Mwandishi akiileta sura hiyo kwenye Kiingereza anapata "Neither of them doesn't know" au "None of them doesn't know". "Neither" na "none" zimekwisha kukanusha zenyewe, kwa hiyo kitenzi hubaki katika hali ya kukubali: "Neither of them knows." Ukikanusha mara ya pili, msomaji makini anaweza kuelewa kwamba wote wanajua, na hilo ni kinyume cha ulichotaka. Ukiona "neither" au "none" na "not" katika sentensi moja yenye kitenzi kimoja, simama uisome tena.

Zikija kwa jozi, "either" na "or", "neither" na "nor", kanuni inageuka. Kitenzi kinamfuata aliye karibu nacho zaidi. "Neither the chairman nor the members were informed", lakini "Neither the members nor the chairman was informed". Hapa jirani ndiye mwenye amri, kwa sababu pande mbili zina haki sawa na lazima mmoja achaguliwe. Sentensi ya pili hukwaruza masikio, na waandishi wengi huepuka shida kwa kuweka cha wingi mwishoni. Nakushauri ufanye hivyohivyo.

Limebaki neno lenye ugomvi mkubwa kuliko yote, nalo ni "none". Walimu wengi, Afrika Mashariki na Uingereza kwenyewe, wamefundisha kwamba "none" ni ya umoja siku zote, kwa hoja kwamba maana yake ni "not one", si hata mmoja. Asili inawaunga mkono: katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "nān", lililounganishwa kutoka "ne", yaani si, na "ān", yaani moja. Matumizi hayawaungi mkono. Kamusi za kihistoria zinaonyesha "none" ikichukua umoja na wingi pia tangu enzi hizo za Kiingereza cha kale, na haijawahi kuacha. Henry Fowler, ambaye kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu matumizi ya Kiingereza kiliheshimiwa kama hakimu kwa miongo mingi, aliandika wazi kwamba ni kosa kudhani "none" lazima iwe ya umoja kwa gharama yoyote. Na Fowler hakuwa mtu wa kulegeza kanuni ovyo.

Ukweli ni huu. "None" ikitaja kitu kisichohesabika, kama maji, fedha au habari, kitenzi ni cha umoja, na hapo hakuna ubishi: "None of the money was recovered." Ikitaja vinavyohesabika, vyote viwili ni sahihi: "None of the loans has been written off" na "None of the loans have been written off". Ya kwanza ina uzito wa kusisitiza, hata mkopo mmoja. Ya pili ni ya kawaida zaidi katika usemi wa leo. Mwalimu anayekata alama kwa "none have" anadai kitu ambacho Kiingereza chenyewe hakidai. Asichanganye, hata hivyo, na "no one", ambayo ni ya umoja siku zote: "No one knows."

Tuyatumie yote kwenye karatasi moja. Chukua ripoti fupi ambayo katibu wa chama cha akiba na mikopo anaiandaa kwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Ameandika sentensi saba:

"The number of members have increased from 140 to 212. A number of members has not completed their shares. Each of the three branches keep its own books. The branches each has a safe. Neither of the two auditors were present at the annual meeting. Every borrower and guarantor are required to sign the form. None of the loans has been written off."

Katika ya kwanza, kilichopanda kutoka 140 hadi 212 ni idadi. Tarakimu zenyewe zinashuhudia. "Have" iwe "has". Katika ya pili, weka "several" uone: wanachama kadhaa hawajakamilisha hisa. "Has" iwe "have". Tazama jinsi katibu alivyobadilishana vitenzi vya sentensi hizi mbili. Katika ya kwanza "members" wamemvuta, na katika ya pili ile "a" imemvuta, na mara zote mbili ametazama neno lililo mbele ya macho badala ya lile linalotawala.

Katika ya tatu, "each" imetangulia nayo ndiyo kiima: "keep" iwe "keeps". Tena sentensi yenyewe ilikuwa na ushahidi, maana katibu ameandika "its", ya umoja, mara tu baada ya kitenzi cha wingi. Kiwakilishi na kitenzi vikigombana namna hiyo, jua kimoja kimekosea. Katika ya nne, "each" imehamia nyuma na matawi ndiyo kiima: "has" iwe "have". Inawezekana alikuwa amekumbuka kanuni, akaiweka mahali pasipo pake.

Ya tano ni ya wakati uliopita, na bado kosa linaonekana, kwa kuwa "was" na "were" ni ubaguzi katika vitenzi vya wakati huo. Katika ripoti rasmi "were" iwe "was". Lakini kama angeandika "Neither of the two auditors attended the annual meeting", asingekuwa na cha kusahihisha, na sentensi ingekuwa fupi na nzuri zaidi. Hiyo ni njia halali kabisa: pale unapotilia shaka, tafuta kitenzi kisichoonyesha umoja wala wingi. Katika ya sita, "every" inawashika mkopaji na mdhamini mmoja mmoja: "are" iwe "is".

Ya saba iko sawa. Kama angeandika "have" ingekuwa sawa pia. Nisingeigusa, na ningemwomba jambo moja tu: ripoti ikiwa na "none" mahali pengine penye vitu vinavyohesabika, atumie umoja huohuo mpaka ukurasa wa mwisho. Msomaji akikuta "none has" juu na "none have" chini, atadhani mwandishi hakujua, hata kama zote mbili ni sahihi.